Nguo za kubana michezoni: zinasaidia au zinatia joto tu?

Jumamosi iliyopita, baada ya mazoezi, winga wetu alikaa chini ya mvinje akavua soksi zake za kubana, akazikamua kwa mikono miwili. Jasho likachuruzika mchangani kama la nguo iliyotolewa kwenye karai. Wenzake wakamcheka, kisha wakaanza kuniuliza maswali, kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu wa fiziotherapia wa timu na ndiye wanayemlaumu misuli ikiuma. Nimeyaandika hapa, pamoja na yale ya akina mama tunaokimbia nao alfajiri kutoka Silversand kwenda Casuarina, hapa Malindi.

Shikamoo mama. Hizi nguo hufanya nini hasa mwilini?

Marahaba mwanangu. Asili yake ni hospitalini. Damu hushuka miguuni kwa urahisi, lakini kupanda kurudi moyoni ni kazi. Kinachoisukuma ni vigimbi: kila unapopiga hatua msuli hujikaza, ukaiminya vena, damu ikapanda, na vilango vidogo ndani ya vena vikaizuia isirudi chini. Mtu ambaye vilango vyake vimelegea huvimba miguu, mishipa ikamtuna. Huyo ndiye anayepewa soksi inayobana zaidi kwenye kifundo na kulegea kadiri inavyopanda.

Shinikizo hilo hupimwa kwa milimita za zebaki, kama la damu. Soksi za tiba zinazotumika sana huwa kati ya 20 na 30. Za michezo mara nyingi ziko chini ya hapo, na nyingi hazikuandikwa kipimo chochote, zimeandikwa "pro" tu. Kitambaa chenyewe ni nailoni iliyochanganywa na spandeksi, ule uzi unaovutika kama mpira uliobuniwa Marekani mwaka 1958. Basi taiti yoyote yenye uzi huo itakubana. Kubana kwa kiasi cha kusukuma damu ni jambo jingine.

Nikizivaa nitakimbia kwa kasi zaidi?

Hapana. Watafiti wamewapima wakimbiaji kwa miaka mingi, wakiwa nazo na bila nazo, na mara nyingi muda unatoka ule ule. Ni kweli kwamba nyama ya paja hutikisika kidogo zaidi ukitua bila nguo ya kubana, na kamera huonyesha tofauti hiyo. Ila mtikisiko kupungua hakujageuka kuwa sekunde.

Najua mtaniambia habari za Paula Radcliffe na soksi zake ndefu. Mwingereza yule alikimbia marathoni ya London mwaka 2003 kwa saa 2:15:25, rekodi iliyodumu miaka 16. Soksi zake zichukue wewe, halafu uniletee muda wako.

Mmoja wenu akauliza kuhusu waogeleaji, na hilo ni swali zuri. Mwaka 2009, kwenye mashindano ya dunia ya Roma, rekodi 43 za dunia zilivunjwa, wengi wakiwa na mavazi ya poliyurithani yaliyobana mwili mzima. Shirikisho la kuogelea likayapiga marufuku kuanzia Januari 2010. Mavazi yale yalisaidia kweli, lakini ndani ya maji: yaliunyoosha mwili upite bila kukwama na kuufanya uelee juu kidogo. Hewa ya Malindi haikukwamishi hivyo, hata kusi ikivuma.

Mbona basi nahisi nina nguvu nikizivaa?

Kwa sababu unahisi umeshikwa. Kuna raha fulani ya kufungwa vizuri, kama mpagazi anayejikaza kiuno kabla ya kubeba gunia. Wakimbiaji wengine husema safari ilikuwa nyepesi ijapokuwa saa haikubadilika. Mimi sidharau raha hiyo, ikiwa tu hujaikopea pesa.

Na joto? Mimi naona kama najichoma.

Swali hili ndilo la pwani. Jasho halikupozi kwa kutoka, hukupoza kwa kukauka. Likidondoka chini bado ni maji, umelipoteza bure. Huku kwetu hewa yenyewe imejaa unyevu, hasa mwezi wa tatu na wa nne, upepo wa kaskazi ukishaondoka na kusi haijashika. Jasho linakawia kukauka hata juu ya ngozi tupu, sembuse chini ya kitambaa.

Vipimo huonyesha kwamba ngozi iliyo chini ya nguo ya kubana hupata joto zaidi, lakini joto la ndani ya mwili mara nyingi halipandi sana. Usishangilie haraka, maana vipimo vingi vimefanywa kwenye vyumba vya baridi kuliko uwanja wetu wa saa kumi jioni. Nami nikajaribu mwenyewe. Siku mbili mfululizo nilikimbia saa nzima njia moja, alfajiri, na kujipima uzito kabla na baada, bila kunywa chochote. Siku ya kaptura nilipungua kilo 1.1. Siku ya taiti ndefu na fulana ya mikono ya kubana nilipungua kilo 1.4, na taiti yenyewe niliivua ikiwa nzito kama taulo la pwani. Mtu mmoja na siku mbili si utafiti, naelewa. Lakini robo lita na zaidi ya maji ya ziada ni kitu cha kufikiria, na zaidi mwezi wa Ramadhani kwa wale wanaocheza kabla ya kufuturu.

Kwa hiyo jibu langu: mchana wa Malindi, nguo ya kubana mwili mzima ni mzigo. Soksi za vigimbi pekee hazina neno kubwa, eneo lake ni dogo.

Kuna wakati wowote zinasaidia kwa dhati?

Upo, na wengi wenu mnaukosa kwa sababu mnazivua pale ambapo mngezivaa. Ni baada ya mchezo. Yale maumivu yanayokupata siku ya pili, ukishuka ngazi kama mzee, hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Ukivaa soksi au taiti za kubana kwa saa kadhaa baada ya mazoezi mazito, maumivu hupungua kidogo, na nguvu za misuli hurudi mapema kidogo. Neno "kidogo" nimelirudia kwa makusudi.

Kuna tatizo moja ambalo watafiti hawajalishinda: huwezi kumficha mtu kwamba amevaa soksi inayombana. Dawa unaweza kuitia kwenye kidonge kinachofanana na kingine, lakini soksi ataihisi. Kwa hiyo sehemu ya nafuu huenda ni imani. Nilimpa mlinzi wetu wa kati kazi, avae soksi mguu mmoja tu, usiku wa mechi nne, na asubuhi aniambie mguu upi unauma zaidi. Mara tatu alisema ule mtupu. Mara ya nne alisahau ni upi alioufunika, akasema yote sawa.

Mimi huvaa taiti chini ya kaptura kwa ajili ya stara. Nifanyeje na joto?

Hili waliniuliza wavulana na wasichana, na naliona ndilo la maana kuliko yote, kwa kuwa huku wengi hawavai taiti kwa ajili ya misuli. Mvulana anataka kufunika paja hadi chini ya goti. Msichana anataka mikono, miguu na kichwa. Sheria haziwazuii: FIFA iliruhusu vilemba na hijabu uwanjani mwaka 2014, na taiti chini ya kaptura inakubaliwa ikiwa na rangi ya kaptura, au ya sehemu yake ya chini kabisa, na timu nzima ivae rangi moja. Angalieni hapo, refa anaweza kukutoa nje ukabadilishe kwa ajili ya taiti nyeusi chini ya kaptura nyeupe.

Sasa, kama lengo ni stara, mbona ununue inayobana? Chukua kitambaa chepesi, saizi moja juu ya yako, kisichoshika ngozi. Upepo upate pa kupita. Dada mmoja katika kundi letu alishona suruali ya kitambaa cha jezi, pana kidogo, kwa fundi wa mtaani, na tangu hapo hana harara kinenani.

Faida moja ya taiti fupi siwezi kuikana: mapaja hayachubuani. Mwenye mapaja yanayogusana, akikimbia na chumvi ya jasho, anajua moto wake. Kwa hilo pekee taiti imelipa bei yake. Ila ivue mara tu ukimaliza. Taiti mbichi iliyokaliwa kwenye bodaboda hadi Maweni, kisha kwenye baraza hadi isha, ndiyo inayoleta fangasi.

Baba ana sukari na anatembea kila asubuhi. Nimnunulie soksi?

Usimnunulie kabla hajapimwa. Mwenye sukari ya muda mrefu anaweza kuwa amepoteza hisia za nyayo, asijue kwamba soksi inamkata. Na kama ateri za miguu zimeziba, kubana kunapunguza damu ambayo tayari ni chache. Yeyote mwingine akihisi ganzi, kuwashwa kama sindano, au akiona vidole vimepauka au kugeuka buluu, avue papo hapo.

Za mitumba je?

Angalia spandeksi iliyochoka. Vuta kitambaa kwa vidole viwili ukiachie. Kikirudi polepole au kikibaki na mawimbi, hiyo ni soksi ya kawaida sasa. Saizi hupimwa kwa utepe kwenye kigimbi na kifundo, si kwa namba ya kiatu. Fua kwa maji baridi, anika kivulini. Jua letu huua mpira haraka.

Kwenye basi la Nairobi?

Hapo nakubali bila kusita. Safari ya saa nyingi umekaa miguu chini huvimbisha vifundo, na kwa wasafiri wa ndege wa zaidi ya saa nne imeonekana kwamba soksi hizi hupunguza damu kuganda kwenye vena za miguu. Vaa kabla ya kupanda. Basi likisimama Mtito, shuka utembee.

Kipa wetu anavaa ule mkono mmoja wa kubana. Una kazi gani?

Mchezaji wa kikapu Allen Iverson alianza kuuvaa mwaka 2001 kwa sababu kiwiko chake kilikuwa kimevimba. Watu wakaupenda, ukaenea duniani kote. Nimekipima kiwiko cha kipa wetu mara mbili, hakina neno. Nikamuuliza mwenyewe, akasema una mfuko mdogo wa kutia funguo za pikipiki.