Bei zetu za kusuka na kucha, muda wa kila mtindo na utaratibu wa miadi

Mpendwa mteja, picha hii ni ya ubao wa bei unaotumika katika saluni yetu ya Sinza Madukani, Dar es Salaam, kuanzia tarehe 1 Machi. Kwa kuwa maandishi ya ubao ni mafupi, tunayaeleza hapa kwa ukamilifu, na tunaomba uyasome pamoja na muda ulioandikwa kando ya kila bei. Muda huo tumeupima kwa mikono ya wasusi wetu wenyewe. Mteja anayeambiwa aje tu, atamalizwa haraka, kisha akatoka usiku wa manane, amepotezewa siku yake, na msusi anayekimbizwa na foleni huishia kuvuta nywele.

Bei zote za kusuka ni za ufundi peke yake. Unaweza kuja na rasta zako au kununua hapa kwa shilingi 5,000 kwa pakiti, na msusi atakwambia idadi ya pakiti kabla hujalipa, kwa sababu kichwa chenye nywele nyingi hakilingani na chenye nywele chache.

Twende kilioni kwa nywele zako mwenyewe ni shilingi 8,000 na huchukua saa moja. Nywele za uzi ni shilingi 10,000, nazo humalizika ndani ya saa moja na nusu; tunazipendekeza sana kwa wale wanaotaka kurefusha na kunyoosha nywele bila moto. Yeboyebo ni shilingi 20,000 kwa muda wa saa 2 hadi 3, kutegemea wingi wa mistari. Rasta za kawaida zilizo kubwa ni shilingi 25,000 kwa saa 3, za kati ni shilingi 35,000 kwa saa 4, na ndogo ni shilingi 50,000 kwa saa 6.

Rasta zisizo na fundo ndizo zinazoulizwa zaidi, na ndizo zinazolalamikiwa bei zaidi, hivyo tunaona ni haki tueleze. Kubwa ni shilingi 40,000 kwa saa 3 na nusu, za kati ni shilingi 55,000 kwa saa 5, na ndogo ni shilingi 80,000 kwa saa 7 hata wanapokaa wasusi wawili kwenye kichwa kimoja. Tofauti yake iko kwenye shina: msusi huanza na nywele zako pekee, akasuka hatua mbili tatu, ndipo anapoongeza rasta kidogo kidogo kila anaposhuka, badala ya kufunga pakiti nene kwenye ngozi mara moja. Kazi hiyo ni ya polepole, lakini uzito hauangukii mzizi, na unaweza kulala usiku wa kwanza bila kutafuta dawa ya maumivu. Ukitaka urefu unaopita kiuno, ongeza shilingi 10,000 na saa moja. Kuchovya ncha kwenye maji ya moto kumo ndani ya bei.

Hatubani nywele za mbele, hata mteja akiomba zibanwe ili msuko udumu. Vipele vidogo kwenye paji la uso na ngozi inayong'aa baada ya kusuka ni dalili kwamba mizizi inavutwa, na mvuto huo ukirudiwa kila msuko, nywele za pembeni hukatika na mwisho huacha kuota kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo, anayetoka kuweka dawa ya kulainisha nywele tunamwomba asubiri wiki 2 kabla ya kusuka, na tunashauri rasta zisikae kichwani zaidi ya wiki 8.

Njoo nywele zikiwa zimefumuliwa, zimeoshwa na kukauka vizuri. Tukikufumua sisi ni shilingi 10,000 na saa moja na nusu zaidi. Kuosha, kuweka stimu na kukausha ni shilingi 12,000 kwa dakika 50. Tafadhali taja huduma hizi unapoweka miadi, kwa kuwa zikijitokeza ukiwa tayari umekaa kwenye kiti, mteja anayekufuata ndiye anayezilipia kwa kusubiri.

Kwa upande wa kucha, rangi ya kawaida ni shilingi 5,000 kwa dakika 30, na jeli kwenye kucha zako ni shilingi 15,000 kwa dakika 45. Kucha za kubandika pamoja na jeli ni shilingi 25,000 kwa saa moja na robo, na kucha za poda ni shilingi 40,000 kwa saa 2. Kujaza poda baada ya wiki 2 hadi 3 ni shilingi 25,000. Kusafisha miguu, kusugua visigino na kupaka rangi ni shilingi 20,000 kwa saa moja. Michoro na mawe hulipiwa shilingi 1,000 kwa kila kucha. Kubandua kucha za zamani ni shilingi 5,000 kwa dakika 30. Tunaziloweka kwa asetoni mpaka zilegee zenyewe, maana kuzing'oa kwa nguvu huondoka na tabaka la juu la kucha yako. Kucha yenye usaha, rangi ya kijani au maumivu hatuifuniki, bali tunakushauri uende hospitali kwanza. Taa ya jeli ina betri, hivyo umeme ukikatika kazi haisimami.

Saluni hufunguliwa Jumanne hadi Jumamosi, saa 2:00 asubuhi hadi saa 2:00 usiku, na Jumapili kuanzia saa 7:00 mchana. Jumatatu tunapumzika. Mtindo wowote unaozidi saa 5 huanza kabla ya saa 4:00 asubuhi, kwa hiyo hausukwi Jumapili. Kucha na twende kilioni hupokelewa bila miadi kiti kikiwa wazi.

Mitindo yote ya rasta huhitaji miadi na malipo ya kushika nafasi ya shilingi 10,000, ambayo hutolewa kwenye bei yako siku ya kusukwa. Lipa kwa lipa namba iliyo chini ya picha. Ukitaka kubadili siku, tuarifu angalau saa 24 kabla, na fedha yako itahamia siku mpya. Usipofika bila taarifa, haitarudishwa. Ukichelewa dakika 20 tunakusubiri, lakini baada ya hapo nafasi hupewa mwingine au unasukwa mtindo mfupi zaidi. Sisi tukikuchelewesha zaidi ya dakika 30, unapunguziwa shilingi 5,000. Bibi harusi na wanaojiandaa kwa sendofu au kichenpati waweke miadi wiki 2 mapema, na wiki mbili za mwisho kabla ya Idi na Krismasi hatupokei miadi ya siku hiyo hiyo.

Wateja wanaojisitiri wana chumba cha ndani chenye pazia, na wahudumu wake ni wanawake pekee; kitaje mapema ili tukutengee. Watoto walio chini ya miaka 10 husukwa kwa nusu ya bei, ila rasta ndogo hatuwasuki, kwa kuwa ngozi yao bado ni laini na saa 6 za kukaa ni nyingi kwao. Msuko ukifumuka au kucha ikibanduka ndani ya siku 5, rudi na tutarekebisha bila malipo.

Kuweka miadi, tuma ujumbe wa WhatsApp kwa namba iliyo juu ya picha, ukiandika mtindo, ukubwa, urefu, siku na saa unayotaka, pamoja na picha ya nywele zako zilivyo sasa.