Kalenda ya Baiolojia, siku 35 kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne

Mdogo wangu, bandika hii juu ya kitanda, siyo ndani ya daftari. Kila topiki inarudi baada ya siku 2, kisha 7, kisha 16 tangu uliposoma. Siku ya 1 ni Jumatatu. Jumapili hakuna kitu. Ya Jumapili yanaangukia Jumatatu, ndiyo maana Jumatatu ni nzito.

1: Jenetiki
2: Uratibu
3: Uzazi. Rudia Jenetiki
4: Usafirishaji. Rudia Uratibu
5: Lishe. Rudia Uzazi
6: Upumuaji. Rudia Usafirishaji

8: Seli. Rudia Lishe, Upumuaji, Jenetiki
9: Uainishaji, bakteria hadi kuvu. Rudia Uratibu
10: Mimea. Rudia Seli, Uzazi
11: Wanyama. Rudia Uainishaji, Usafirishaji
12: Utoaji takamwili. Rudia Mimea, Lishe
13: Homeostasisi. Rudia Wanyama, Upumuaji

15: Ukuaji. Rudia Utoaji, Homeostasisi, Seli
16: Mageuko. Rudia Uainishaji
17: Mjongeo. Rudia Ukuaji, Mimea, Jenetiki
18: Afya, kinga na UKIMWI. Rudia Mageuko, Wanyama, Uratibu
19: Mazingira. Rudia Mjongeo, Utoaji, Uzazi
20: Rudia Afya, Homeostasisi, Usafirishaji

Hapo silabasi imeisha. Usianze kitu kipya tena, hata rafiki yako akija na "topiki inayotoka mwaka huu".

22: Mazingira, Ukuaji, Lishe, Upumuaji
23: Mageuko. Jioni mtihani mmoja wa miaka iliyopita, kwa saa
24: Mjongeo, Seli
25: Afya, Uainishaji
26: Mazingira, Mimea
27: Wanyama
29: Utoaji, Homeostasisi
30: Mtihani wa pili
31: Ukuaji
32: Mageuko
33: Mjongeo
34: Afya, Mazingira. Ulale mapema.

Jenetiki nimeitanguliza kwa sababu ndiyo iliyokuangusha moki.

Kurudia siyo kusoma tena. Funga daftari, chukua karatasi tupu, dakika 20. Andika kwa Kiingereza, maana mtihani hautakuuliza kwa Kiswahili. Jenetiki: chora mche mrefu wa TT na mfupi wa tt, watoto wote Tt, kisha Tt kwa Tt mpaka ufike warefu watatu kwa mfupi mmoja. Uratibu: chora tao la refleksi, mshale uanzie kwenye kipokezi. Ukimaliza ndipo ufungue, usahihishe kwa peni nyekundu. Wekundu ukizidi nusu ya karatasi, topiki hiyo irudi na kesho, halafu iendelee na tarehe zake.

Ukiruka siku kwa homa au msiba, usilimbikize. Fanya marudio ya siku uliyoamkia, na topiki mpya iliyokosekana iweke siku ya 20. Siku ya 28 ni ubarikio wa Neema, nimeshamwambia mama asikutume sokoni Jumamosi yake.

Simu abaki nayo mama hadi saa tatu usiku.

Dada