Mgongo Usikuzuie Kuinama

Asubuhi unashuka kitandani ukishikilia ukuta, ndoo ya lita 20 unamwachia mtoto, na katika daladala ya kutoka Nkuhungu unasimama hadi mjini kwa sababu kukaa kunauma zaidi.

Sasa jione ukiinama kufunga kamba za viatu bila kukunja uso, kisha ukipalilia zabibu zako hadi mwisho wa mstari.

Kinachokufikisha huko, mara nyingi, si kulala wiki nzima, bali ni mazoezi unayopangiwa na mtaalamu wa fiziotherapia baada ya kukupima, katika kliniki yetu ya Area C, Dodoma, Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa 2 asubuhi. Hatuahidi muujiza wa siku moja. Ukipata ganzi sehemu za siri au ukishindwa kuzuia mkojo, usitusubiri sisi. Nenda hospitali mara moja.