Yah: Kazi zangu za lebo na vifungashio

Dada Neema, habari za kazi?

Naitwa Zuhura, mbunifu wa michoro, niko Temeke. Mwaka huu Sabasaba nilisimama kwenye banda la mteja wenu wa viungo, nikanunua pakiti mbili za mdalasini. Muuzaji ndiye aliyeniambia kwamba matangazo yao mnayafanya ninyi, na kwamba ofisini mko watu wanne tu. Ndiyo maana nakuandikia wewe moja kwa moja.

Kazi zangu ziko hapa: zuhurachora.co.tz/kazi

Ziko tisa. Kama una dakika tano tu, fungua ya 2 na ya 6, nyingine zitasubiri.

Ya 2 ni lebo ya achari ya embe. Nimeweka toleo lililoharibika pamoja na lililorekebishwa, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Maelezo ya viambato niliyaandika kwa herufi nyeupe za pointi 5 juu ya kahawia iliyochanganywa kwa wino tatu. Kwenye kompyuta yalisomeka vizuri kabisa. Kiwandani wino mmoja ukisogea hata unywele, herufi nyeupe inaliwa: matundu ya "a" na "e" yakaziba, na "chumvi" ikawa doa. Lebo 2,000. Nusu ya gharama ya kurudia nililipa mimi. Tangu hapo maandishi madogo nayaweka wino mmoja, mweusi juu ya rangi nyepesi, na kazi ya kwanza ya kila mteja naenda kuisimamia mashineni mwenyewe. (Mafundi wa Kariakoo wameshanizoea, siku hizi wananipa kiti.)

Ya 6 ni khanga ya kikundi cha akina mama. Pindo na mji havikunisumbua sana, kilichonisumbua ni jina. Walileta msemo wa herufi 41 wakitaka usomeke ukiwa kiunoni, mvaaji anatembea. Tulipunguza maneno mara tatu kabla sijagusa rangi. Nadhani hapo utaona ninavyofanya kazi: naanza na maneno. Lebo nyingi hupangwa kwa Kiingereza, Kiswahili kikaja kubanwa mwishoni, na programu ikiachiwa ikate maneno kwa kanuni zake, "nyanya" inageuka "nyan-ya". Mimi nakata kwa mkono, na alama ya "ng'" naikagua kila inapotokea, maana fonti nyingi zinaigeuza au kuiachia pengo kama jino lililong'oka.

Sasa, ile pakiti ya mdalasini. Naomba usinielewe vibaya, mchoro wa jahazi ni mzuri na sitaugusa. Ila jina la bidhaa limechapwa kwa kahawia juu ya sehemu ya plastiki inayoonesha ndani, na ndani mna unga wa kahawia. Pakiti ikiwa tupu inasomeka, ikijazwa jina linamezwa. Nilikaa pale kama robo saa, wateja watatu wakauliza "hii ni nini?" huku wameishika mkononi. Dawa yake si kubuni upya: ni kutandika wino mweupe chini ya herufi hizo kabla ya kahawia. Ni sahani moja ya ziada kwa mchapaji, basi. Wazo hili ni lenu, lichukueni hata tusipofanya kazi pamoja.

Siombi ajira. Naomba mnijaribu kwa kazi moja ya lebo au kifungashio, ile ambayo imewakalia mezani na hakuna mwenye muda nayo. Bei yangu ni Sh 250,000 kwa lebo moja: michoro miwili ya kuchagua, marekebisho mara mbili, na faili la PDF lililo tayari kwa kiwanda, rangi zikiwa CMYK na ukingo wa kukatia milimita 3. Nusu tunaanza nayo, nusu mkipokea faili. Siku saba za kazi zinanitosha, mradi maandishi yote yaje siku ya kwanza. Hapo ndipo huwa mkali kidogo.

Tovuti sitengenezi, na video sijui. Nimeona bora niseme mapema.

Alhamisi nitakuwa Mikocheni tangu saa nne asubuhi kupeleka sampuli kwa mteja. Nikiruhusiwa nipite ofisini kwenu, nitakuja na lebo na ile khanga uzishike, maana kwenye skrini wino wote ni mzuri. Ukiwa na nafasi nijibu hapa hapa, hata neno moja.

Wako,
Zuhura
Mbunifu wa michoro, Temeke, Dar es Salaam