Kwa wapangaji wote wa nyumba ya Kimanga: nyumba imeuzwa, mwenye nyumba mpya ni Mama Glori

Tabata Kimanga, Dar es Salaam
20 Januari 2026

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wale wengine habari zenu.

Najua minong'ono imeshazunguka uani mpaka kwenye fremu, ndo maana nimeamua niandike mwenyewe, karatasi moja nimepitisha chini ya kila mlango na hii hii nimeirusha kwenye grupu letu la watsap ili asije mtu akasema hajaiona. Ni kweli, nyumba nimeiuza. Mkataba wa mauzo tumesaini na nakala ipo ofisi ya serikali ya mtaa, mwenye wasiwasi aende akaulize, mwenyekiti anajua na mjumbe wetu alikuwepo kama shahidi. Jina kwenye hati bado linabadilishwa kule Ardhi, hayo mambo mnayajua yana mwendo wake, ila sisi wawili tumekubaliana kwa maandishi kwamba kuanzia tarehe 1 Februari mwenye nyumba wenu ni Bi. Neema Mushi, mama wa makamo hivi, ana duka la vitenge Kariakoo, wengi wanamuita Mama Glori na nyie muiteni hivyo hivyo.

Kwa nini nimeuza, sio siri. Miguu haitaki tena foleni ya Tabata, na mama yenu mnajua hali yake tangu mwaka jana, tunarudi Muheza kwenye shamba. Sijauza kwa ugomvi na sijauza kwa sababu yenu, mmenilea vizuri kuliko watoto wengine niliowazaa (natania, ila kidogo tu).

Sasa niende kwenye linalowanyima usingizi. HAKUNA ANAYEFUKUZWA. Nyumba ikiuzwa mkataba wa mpangaji haufi, anayenunua anaichukua nyumba pamoja na watu wake na mikataba yao, na hili nimelisimamia mpaka likaandikwa kwenye karatasi ya mauzo. Aliyelipa miezi sita anakaa miezi yake sita. Mama Sharifa wa chumba na sebule pale kona umelipa mpaka mwisho wa Juni, utakaa mpaka mwisho wa Juni kwa ile ile 150,000 kwa mwezi, hela yako ya kuanzia Februari nimeshaikata kwenye bei ya nyumba kwa hiyo iko kwa Mama Glori, usiniulize mimi na usilipe mara mbili. Kijana wa fremu ya chipsi wewe umeishia Machi, na ile dipoziti yako ya mwezi mmoja nayo nimemkabidhi, ipo kwenye orodha. Wa vyumba vya 80,000 kila mmoja tarehe yake ipo. Nimekaa na Mama Glori na ile kauntabuku yangu ya kijani tukapitia ukurasa kwa ukurasa, jina, chumba, alilipa lini, imeishia lini, kila mstari amesaini pembeni. Bado nataka kila mtu aje na risiti zake au meseji za muamala, maana kauntabuku imeandikwa na mzee na mzee naye macho yake sio ya jana.

Mkataba ukiisha je? Hapo mtazungumza naye. Ameniambia hana mpango wa kuvunja wala kujenga mwaka huu, na akitaka kupandisha kodi atatoa taarifa miezi mitatu kabla mkataba wa mtu haujaisha. Mimi siwezi kuwaapia mambo ya mwakani ambayo sio yangu tena, ila hilo la miezi mitatu liandikisheni kwenye mkataba wenu mpya, msikubali libaki mdomoni.

Halafu hili lisomeni mara mbili. Kuna dalali, sitamtaja, wiki iliyopita kapita milango miwili anasema katumwa na mwenye nyumba mpya akusanye kodi "ya mabadiliko" na elfu 20 ya fomu. Huyo hajatumwa na mtu! Mama Glori hana dalali, hana msaidizi, na hakuna fomu ya kulipia. Kodi italipwa kwa lipa namba yake na hiyo namba atawapa yeye mwenyewe kwa mdomo wake siku ya kikao, ndo maana sijaiandika hapa, karatasi inaweza kuigwa. Na hata ukishapewa, kabla hujaweka namba ya siri angalia jina linalotokea, lisipokuwa NEEMA MUSHI sitisha hapo hapo mpigie. Ikitokea mtu kakutumia meseji kwamba namba imebadilika, hiyo ni ile ile ya "tuma kwenye namba hii", mnaijua.

Luku. Mita kuu ndo inayokatwa kodi ya jengo, 1,500 kila mwezi, na iko upande wa Baba Koku kwa hiyo yeye ndo anayeona umeme unapungua kila akinunua wa kwanza wa mwezi. Hiyo kodi ni ya mwenye nyumba sio ya mpangaji, ndo maana nilikuwa namrudishia kwenye kodi yake ya chumba. Mama Glori amekubali kuendelea hivyo hivyo, 18,000 kwa mwaka, Baba Koku tunza zile meseji za tokeni usifute.

Maji, bili ya DAWASA ya mpaka 31 Januari nalipa mimi, siku hiyo jioni tutapiga picha mita mbele ya watu wawili wenu, kuanzia hapo mtaendelea kugawana kwa vichwa kama kawaida. Gari la kunyonya choo lilikuja Desemba na mchango mlishatoa, asiwadai mtu tena kwa hilo. Pampu ya simtanki inavuja kidogo pale kwenye kiungo, nimemwambia, nimeshusha na bei kwa ajili hiyo, kwa hiyo atengeneze yeye msichange.

Wale wawili wenye deni la nyuma mnajijua na siwaandiki hapa. Deni la mpaka mwisho wa Januari ni langu, mnalipa kwangu kwa namba ile ile ya siku zote, Mama Glori hahusiki na hawezi kumtoa mtu kwa deni ambalo sio lake. Tuongee kistaarabu, mkipata nusu leteni nusu.

Kikao cha kutambulishana ni Jumapili tarehe 1 Februari saa 4 asubuhi hapo uani chini ya mwembe, wa kanisani nimeambiwa ibada ya kwanza mnakuwa mmeshatoka. Mama Glori atakuja na mikataba mipya, bei ile ile na tarehe zile zile, kilichobadilika jina la mwenye nyumba tu. Usome kabla ya kusaini, asiyesoma vizuri aje na mwanae, ukiona tarehe yako imekosewa sema pale pale mbele yangu na mjumbe, usiende kulalamika jikoni. Asiyeweza kufika amtume mtu mzima, sio mtoto.

Namba yangu haibadiliki, mpaka Machi nipo Dar namalizia mambo, baada ya hapo pigeni jioni maana shambani mtandao unasumbua.

Mzee Seif
(Baba Zuhura)

Nyongeza: funguo wa geti la nyuma zipo nne tu na mimi ninao mmoja. Aliyechonga wa tano kimya kimya aje nao Jumapili, hataulizwa.