Kanuni ya kosaini kwa njia ya majira

Mpima ardhi anataka urefu wa bwawa kutoka ukingo A hadi ukingo B. Utepe haupiti majini. Anasimama nchi kavu, nukta C, anapima CA = mita 80, CB = mita 50, na pembe iliyopo C ni nyuzi 60. Pythagoras hamsaidii moja kwa moja, kwa sababu C si pembemraba. Tutafute kanuni inayokubali pembe yoyote.

Chukua pembetatu ABC. Upande unaokabili A tuuite a, unaokabili B tuuite b, unaokabili C tuuite c. Kwa hiyo CB = a, CA = b, na tunachotafuta ni c = AB.

Tuko huru kuiweka pembetatu popote kwenye grafu, maana kuisogeza au kuizungusha hakubadilishi urefu wa pande zake. Hapo ndipo kazi kubwa inapofanyika. Mengine ni hesabu tu. Weka C kwenye asili na ulaze CA juu ya mhimili wa x, upande chanya:

C = (0, 0)
A = (b, 0)

B iko umbali wa a kutoka asili, na mstari CB unafanya pembe C na mhimili wa x. Kwa maana yenyewe ya saini na kosaini kwenye duara:

B = (a cos C, a sin C)

Angalia kwamba hatujauliza kama C ni pembe kali au butu. Ikiwa butu, cos C ni hasi, na B inaangukia kushoto kwa mhimili wa y bila sisi kugusa chochote. Anayethibitisha kwa kushusha mstari wima kutoka B hulazimika kuchora michoro miwili, mmoja kwa kila hali. Euklidi naye, katika kitabu cha 2 cha *Elementi*, alizitenganisha: pendekezo la 12 ni la pembe butu, la 13 ni la pembe kali. Majira yanazimaliza zote kwa pigo moja.

Sasa tumia kanuni ya umbali kati ya A na B:

c² = (a cos C − b)² + (a sin C)²

Fungua mabano:

c² = a² cos² C − 2ab cos C + b² + a² sin² C

Kusanya penye a²:

c² = a²(cos² C + sin² C) + b² − 2ab cos C

Lakini cos² C + sin² C = 1, hivyo

c² = a² + b² − 2ab cos C

na hicho ndicho kilichotakiwa.

Kwa bwawa letu: c² = 2500 + 6400 − 2 × 50 × 80 × ½ = 4900, yaani c = mita 70. Tuijaribu kwa pembe butu. Weka kigingi D juu ya mstari CA, mita 50 kutoka C. Pembetatu CBD ina pande tatu sawa, kwa hiyo DB = 50, DA = 30, na pembe BDA ni nyuzi 120. Kosaini yake ni −½:

AB² = 2500 + 900 + 1500 = 4900

Mita 70 zilezile, kama inavyopaswa.

Weka C = nyuzi 90. Kosaini ni 0, kipande cha mwisho kinatoweka, na inabaki c² = a² + b². Kwa hiyo −2ab cos C ni marekebisho tu: pembe kali inapunguza, pembe butu inaongeza.

Je, tumethibitisha nadharia ya Pythagoras? Hapana. Kanuni ya umbali tuliyoitumia ni Pythagoras mwenyewe aliyevaa majira, na cos² C + sin² C = 1 vilevile. Tungekuwa tunazunguka mduara. Pythagoras ni hali maalumu ya kanuni hii, lakini uthibitisho wake utoke kwingine, kwa mfano kwa kulinganisha maeneo, kama alivyofanya Euklidi katika kitabu cha 1.

Kinyume chake, hata hivyo, tunakipata bure. Ikiwa c² = a² + b², basi 2ab cos C = 0, na kati ya nyuzi 0 na 180 kosaini ni 0 kwenye 90 peke yake. Ndiyo sababu fundi anayenyoosha kona ya msingi kwa mita 3, 4 na 5 hahitaji kupima pembe. Tena kanuni inamwambia kona imekosea kiasi gani: utepe ukisoma 5.1 badala ya 5,

cos C = (9 + 16 − 26.01) / 24 ≈ −0.042

pembe ni karibu nyuzi 92.4, na kamba inabidi ivutwe ndani.