Vita vya Dini na Sayansi: Hadithi Iliyozaliwa Juzi

Ijumaa moja alasiri niliitwa kuwa mwamuzi wa mdahalo katika shule moja ya upili huku Eastlands, Nairobi, ndani ya bwalo lililokuwa bado linanuka githeri ya mchana. Hoja iliandikwa ubaoni kwa chaki: "Dini ni adui wa sayansi." Msichana wa kidato cha tatu akasimama, akakohoa kidogo, akasema: "Galileo alichomwa moto na kanisa kwa kugundua kwamba dunia ni mviringo." Bwalo likalipuka kwa makofi. Nami nikaandika pembeni ya karatasi ya alama: sentensi moja, makosa matatu. Galileo hakuchomwa, kesi yake haikuhusu umbo la dunia, wala si yeye aliyeligundua.

Lakini walionishangaza zaidi ni wapinzani. Badala ya kumsahihisha, walijibu kwamba akili ya binadamu haiwezi kushindana na Neno la Mungu. Makofi tena. Kumbe pande zote mbili zilikuwa zimekubaliana kwamba vita vipo, na kilichobaki ni kila mtu kuchagua jeshi lake. Mimi hufundisha fizikia siku za wiki na Jumapili huimba kwaya, kwa hiyo nina maslahi katika kesi hii, na ni haki msomaji ajue. Dai langu ni kwamba vita hivyo, kama vinavyosimuliwa, havikuwapo. Ugomvi ulikuwapo, tena mkali, lakini mara nyingi mstari wa ugomvi ulipita katikati ya watu wa dini na katikati ya wanasayansi. Haukupita kati ya kambi hizo mbili.

Hadithi yenyewe ina tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 1874 mwanakemia John William Draper wa New York alitoa kitabu kuhusu mgongano wa dini na sayansi, na mwaka 1896 Andrew Dickson White, mmoja wa waasisi wa Chuo Kikuu cha Cornell, akatoa majalada mawili kuhusu vita vya sayansi na teolojia. Kila mmoja alikuwa na la kwake moyoni. Draper aliandika miaka michache tu baada ya Kanisa Katoliki kutangaza mwaka 1870 kwamba Papa hakosei anapotamka rasmi mambo ya imani, na hasira yake kubwa ilielekea Roma. Uislamu aliusifu, jambo ambalo wanaomnukuu siku hizi husahau. White naye alikuwa ameshambuliwa na wakuu wa madhehebu kwa kuanzisha chuo kisicho cha dhehebu lolote. Yaani mtu aliyegombana na majirani akaandika historia ya mtaa mzima. Na hata yeye hakuikataa dini: adui aliyemtaja ni teolojia.

Tumwendee Galileo, maana ndiye shahidi mkuu wa upande wa pili.

Mwaka 1543 Copernicus alichapisha kitabu kinachoweka jua katikati. Alikuwa mwajiriwa wa kanisa, kanoni katika kanisa kuu la Frombork. Kitabu kikakaa zaidi ya miaka 70 bila kupigwa marufuku. Mwaka 1610 Galileo akatangaza alichokiona kwa darubini: milima mwezini na miezi minne ikizunguka Mshtarii. Mwaka uliofuata wanafalaki Wajesuiti wa chuo chao huko Roma walithibitisha kwamba alivyoona ndivyo ilivyo, wakamfanyia sherehe. Kati ya waliomsaidia kwa karibu alikuwamo Castelli, mtawa Mbenedikto aliyekuwa mwanafunzi wake. Na kati ya waliompinga walikuwamo maprofesa wa vyuo vikuu waliomshikilia Aristotle kama kupe.

Sasa, je, alikuwa na ushahidi? Hapa ndipo mwalimu wa fizikia anapojikuna kichwa. Kama ardhi inalizunguka jua, nyota za karibu zingepaswa kuonekana zikisogea kidogo mwaka unapopita. Hakuna aliyeuona msogeo huo. Ulipimwa kwa mara ya kwanza mwaka 1838, na Bessel. Tena palikuwapo mpango wa Tycho Brahe, ambao sayari zinalizunguka jua nalo jua linaizunguka dunia, uliokubaliana vizuri na yote aliyoyaona Galileo. Kadinali Bellarmino aliandika mwaka 1615 kwamba ushahidi wa kweli ukipatikana, itabidi watu wawe waangalifu katika kufasiri Maandiko, lakini yeye hajauona. Simtetei, maana mwaka uliofuata kitabu cha Copernicus kilizuiwa mpaka kisahihishwe, na Galileo akaonywa. Ila hoja yake haikuwa ya mpumbavu.

Hoja ambayo Galileo mwenyewe aliiona kuwa na nguvu kuliko zote ilikuwa ya maji kupwa na kujaa. Alisema bahari hutikisika kwa sababu ardhi inatembea, kama maji ndani ya chombo kinachosukumwa, na akamcheka mwanafalaki mwenzake Kepler kwa kuuhusisha mwezi. Hesabu yake ilitoa kujaa kumoja kwa siku. Mvuvi wa Lamu, ambaye hajaona darubini maishani mwake, angemwambia kwamba maji hujaa mara mbili, na kwamba bamvua huja mwezi ukiwa mpevu au ukiandama. Galileo alikuwa sahihi kuhusu jua, akaegemea hoja isiyo sahihi kuhusu bahari.

Kilichoharibu mambo mwaka 1632 ni kitabu chake cha mazungumzo, ambamo hoja aliyoipenda Papa Urbano wa Nane iliwekwa kinywani mwa mhusika aitwaye Simplicio, jina linalosikika kama "mjinga". Papa huyo alikuwa rafiki na mfadhili wake. Mwaka 1633 Galileo, mzee wa miaka 69, alipiga magoti akakana kwamba ardhi inalizunguka jua, kisha akafungiwa nyumbani kwake Arcetri hadi kifo chake mwaka 1642. Lilikuwa tendo la dhuluma, nami silipambi. Lakini ukiliita "dini dhidi ya sayansi" unafuta siasa, urafiki uliovunjika, ushahidi uliokuwa haujatimia, na mapadri waliokuwa upande wake. Aliyechomwa moto ni Giordano Bruno, mwaka 1600, na katika mashtaka yake Utatu na uungu wa Kristo vilikuwamo kando ya wazo lake la dunia nyingi. Kumchoma mtu kwa imani yake ni ukatili mtupu. Ila hakufa kama mwanafalaki.

Kuhusu dunia bapa sina haja ya kuchelewa. Wasomi wa Ulaya ya zama za kati walijua ni mviringo, na Columbus alibishana na wataalamu kuhusu ukubwa wake. Wao ndio waliokuwa sahihi. Picha ya mapadri wanaoogopa mabaharia wataanguka ukingoni ilienezwa sana na Washington Irving mwaka 1828, katika simulizi yake ya maisha ya Columbus.

Sasa fikiria jengo moja. Huko Bologna, ndani ya himaya ya Papa, mwaka 1655, miaka 22 tu baada ya hukumu ya Galileo, Giovanni Cassini aliweka mstari sakafuni mwa kanisa la San Petronio, urefu wa mita 67 hivi. Juu, karibu mita 27 kutoka chini, kuna tundu dogo. Adhuhuri mwale wa jua hupenya, ukaanguka sakafuni kama sahani ya mwanga, na ukavuka mstari. Cassini aliipima sahani hiyo mwaka mzima, inavyokua na kupungua, na vipimo vyake vikaunga mkono hesabu za Kepler dhidi ya zile za kale. Kanisa lilitaka kujua tarehe sahihi ya Pasaka, na kwa ajili hiyo likageuza nyumba ya ibada kuwa chombo cha kupimia jua.

Waislamu walikuwa wamefika huko mapema. Katika karne ya 14 Msikiti wa Umawiya wa Damascus ulikuwa na mtu aliyeajiriwa kupiga hesabu za nyakati za sala. Aliitwa Ibn al-Shatir, na mpango wake wa mwendo wa mwezi unalingana na ule tunaoukuta kwa Copernicus karne mbili baadaye. Alikuwa mwanafalaki kwa sababu msikiti ulimhitaji. Na neno lenyewe, falaki, litutie shaka kidogo. Pwani yetu mtu wa falaki alihesabu nyota, mwaka na misimu, na huyo huyo aliulizwa siku njema ya safari au ya harusi. Ukimtaka aseme ni wa kambi gani, ya dini au ya sayansi, angekutazama tu. Hata Kiingereza kilipata neno lake la "mwanasayansi" miaka ya 1830, likatungwa na William Whewell, kasisi wa Kianglikana.

Baadaye kuna Mendel na njegere zake katika bustani ya watawa huko Brno, na kuna padri Georges Lemaître, aliyesema mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka. Huyu nampenda kwa sababu ya jambo dogo: mwaka 1951 Papa Pio wa Kumi na Mbili alipotumia wazo hilo kama ushahidi wa uumbaji, padri hakufurahi. Aliona fizikia yake haikuandikwa kwa kazi hiyo.

Nitaulizwa: basi hakuna mahali dini imeikaba sayansi? Papo. Mwaka 1580 chuo cha kutazama nyota cha Taqi al-Din huko Istanbul kilibomolewa kwa amri ya Sultani Murad wa Tatu, na fitina za ikulu pamoja na rai za kidini vilichangia. Mwaka 1925 mwalimu John Scopes alipigwa faini ya dola 100 huko Tennessee kwa kufundisha mageuzi ya viumbe. Na hapa kwetu, mwaka 2006, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili walitaka mifupa ya mababu wa binadamu isipewe nafasi ya mbele katika Makumbusho ya Taifa. Lakini miaka kumi kabla ya hapo Papa Yohane Paulo wa Pili alikuwa ameshasema kwamba mageuzi ni zaidi ya dhana tu. Wakristo wa jiji moja, wanaosoma Biblia moja, hawakuwa kambi moja.

Mwezi uliopita nilipeleka darasa langu huko makumbusho, yule msichana wa mdahalo akiwamo. Mvulana wa Turkana yupo katika kioo chake, mifupa aliyoigundua Kamoya Kimeu mwaka 1984 kule Nariokotome, ya mtoto aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mbele yetu alikuwapo sista mmoja, kitambaa kichwani, akiwaonyesha watoto wa msingi jinsi nyonga inavyomwezesha mtu kutembea wima. Mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Sista, huyu alibatizwa?" Sista akacheka mpaka akashika kioo, kisha akamwambia ahesabu kwanza mbavu.